Herufi 15 kwa sekunde: nilivyojifunza kuandika sabtaito za viziwi

Sabtaito nilizozoea kuandika zilikuwa za watu wanaosikia. Tamthilia yetu ikipelekwa kwenye tamasha la nje, naiwekea Kiingereza chini, kazi imekwisha. Geti likigongwa, mtazamaji wa huko analisikia kama sisi tunavyolisikia, na mtu akicheka, kicheko hakihitaji mkalimani. Kwa hiyo mtayarishaji mmoja aliponiletea tamthilia iliyopigwa Tanga, akataka iwekewe sabtaito za Kiswahili kwa ajili ya viziwi, wenzangu wa chumba cha uhariri waliona nimepata kazi ya mteremko. Wahusika wanasema Kiswahili, wewe unaandika Kiswahili, tabu iko wapi?

Tabu iko kwenye sekunde. Kiziwi anatumia macho yaleyale kusoma na kutazama, kwa hiyo kila herufi unayomwongezea inamwondoa kidogo usoni kwa mwigizaji. Tena humwandikii maneno tu. Unamwandikia geti, wimbo wa redio, msonyo, na jina la anayesema akiwa hayumo kwenye picha. Vyote hivyo vinatoka kwenye mfuko mmoja wa muda, na ukitumia vibaya huku, kule utapungukiwa.

Jambo la kwanza ni kujua mfuko wenyewe una kiasi gani. Miongozo ya BBC inahesabu kwa maneno, 160 hadi 180 kwa dakika. Kwa Kiswahili kipimo hicho kinapotosha, kwa sababu kitenzi chetu kimoja kinabeba mtendaji, wakati na mtendwa kwa mpigo: "tusimwambie" ni neno moja lenye herufi 11. Ukihesabu maneno utaona sentensi ni fupi, kumbe msomaji anahema. Mimi nahesabu herufi kwa sekunde, nafasi na alama za uandishi zikiwemo. Netflix wanahesabu hivyo pia: kwa vipindi vya Kiingereza wanaruhusu hadi herufi 20 kwa sekunde kwa watu wazima na 17 kwa watoto, mistari isiyozidi miwili, kila mstari herufi 42, na maandishi yasikae kwenye skrini zaidi ya sekunde 7. Mistari na urefu nimeuchukua kama ulivyo. Kasi nimeishusha hadi 15, na kwenye tukio ambalo macho yana kazi nyingi naishusha tena hadi 12 au 13.

Namba hiyo ya 15 niliipata kwa kukaa na watazamaji wawili. Mmoja ni mzee aliyekuwa mwalimu, akapoteza usikivu ukubwani. Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu, anasoma haraka, na anafuatisha midomo ya watu. Wa pili ni dada mshonaji, kiziwi tangu utotoni. Lugha yake ya kwanza ni Lugha ya Alama ya Tanzania, na Kiswahili cha kuandikwa amekisoma shuleni kama lugha ya pili, yenye sarufi nyingine kabisa. Nilidhani dada angetaka maneno mepesi. Alichotaka ni muda. Neno gumu alilisoma na kulielewa, mradi halijaondoka kabla hajafika mwisho wa mstari. Kwenye 17 alikuwa anasoma yote na kukosa nyuso. Nilijua kwa sababu nilimwuliza shangazi wa kwenye tamthilia amekasirika au amefurahi, akanijibu kwa mikono kwamba hakumwona. Kwenye 15 aliona.

Mzee naye alinifundisha kitu cha aina nyingine. Kwa kuwa anasoma midomo, anagundua papo hapo maandishi yanapotofautiana na kinachosemwa. Mwigizaji akitoa tusi nami nikaliandika kwa adabu, mzee anahisi amedanganywa, na ana haki. Wanaosikia wamelipata tusi zima. Kwa hiyo sentensi ikiwa ndefu mno, napunguza kwa kuacha maneno kuliko kuweka mengine mahali pake. Maneno yanayobaki yawe yaleyale yaliyo midomoni, kwa mpangilio uleule.

Nichukue tukio moja ili hili lionekane. Shangazi na mpwa wake wako jikoni, shangazi ameipa kamera mgongo, anakoroga chungu. Redio ya jirani inapiga taarabu. Geti linagongwa, mtu anabisha hodi, shangazi anasonya, mpwa anauliza ni nani. Shangazi anajibu kwa sekunde 5: "Si yule niliyekuambia juzi kwamba anataka kuinunua nyumba hii kwa bei ya kutupa, halafu akasema tusimwambie mtu yeyote."

Hizo ni herufi 119, yaani karibu 24 kwa sekunde. Hakuna atakayezimaliza huku akitazama. Kwa kasi ya 15 nina nafasi ya herufi 75. Sasa naangalia kipi kikitoka hadithi haitalegea. "Juzi" inatoka, haina kazi tena baada ya hapo. "Kwamba" na "hii" zinatoka. "Kuinunua" inatoka, maana anayetaka nyumba kwa bei fulani anataka kuinunua. Ile sehemu ya mwisho, "halafu akasema tusimwambie mtu yeyote", ndiyo pekee niliyoibadilisha, kwa sababu siri ndiyo mhimili wa hadithi nzima na siwezi kuiacha. Nikaifanya "tena kwa siri". Hapo sikutii kanuni yangu ya mzee, lakini shangazi ameipa kamera mgongo, midomo yake haionekani. Angekuwa ametazama mbele ningetafuta njia nyingine. Kilichobaki ni "Si yule niliyekuambia, anataka nyumba kwa bei ya kutupa, tena kwa siri": herufi 71 ukihesabu na nukta yake, kama 14 kwa sekunde. "Si yule" nimeibakiza makusudi ingawa haiongezi habari. Ndiyo inayobeba karaha ya shangazi, na karaha hiyo iko kwenye sauti tu.

Kwenye faili la SRT, lile linalobeba maandishi na muda wa kila moja kuingia na kutoka, sehemu hiyo ilitoka hivi:

```
42
00:03:06,000 --> 00:03:07,500
[Geti linagongwa]

43
00:03:07,600 --> 00:03:10,000
[Mwanamume nje] Hodi! Hodi hapa!

44
00:03:10,100 --> 00:03:11,400
[Shangazi anasonya]

45
00:03:11,500 --> 00:03:12,500
Nani?

46
00:03:12,600 --> 00:03:17,600
Si yule niliyekuambia, anataka nyumba
kwa bei ya kutupa, tena kwa siri.
```

Anzia namba 43. Anayebisha hodi ni dalali, na mimi mwandishi namjua tangu sehemu ya kwanza. Lakini mtazamaji anayesikia, kwa wakati huo, anasikia sauti ya mwanamume asiyemtambua. Nikiandika [Dalali] nitakuwa nimempa kiziwi habari ambayo mwenzake hana, na lile swali la "Nani?" litakuwa halina maana kwake. Jina linaloandikwa ni lile ambalo mtazamaji angelijua kwa masikio yake dakika hiyo. Dalali akiingia jikoni na kutambulishwa, ndipo jina lake linaanza kutumika.

Na kwa nini "mwanamume", badala ya "mtu"? Kwa sababu anayesikia amelipata hilo bila kuambiwa, na Kiswahili hakitamsaidia kiziwi kulipata kwingine. "Anataka", "akasema", "yeye", vyote ni vya wote. Kwenye lugha zenye viwakilishi vya kike na kiume msomaji anachomoa jinsia ndani ya sentensi yenyewe. Sisi hatuna hiyo, kwa hiyo mtu anayesema akiwa nje ya picha anahitaji alama yake zaidi. Kuna msaada mdogo pwani kwenye kuitika: mwanamke huitika "Abee", mwanamume "Naam", na hapo neno lenyewe limeshasema.

Lakini jina nalo linagharimu. [Shangazi] pamoja na nafasi inayofuata ni herufi 11, kwa kasi ya 15 ni kama sekunde 0.7. Nimeona sabtaito ambazo kila mstari una jina mbele, hata watu wawili wakiwa wametazamana na kamera inaonyesha kila mdomo. Ni kumsomesha mtu jina lilelile mara mia. Mimi naweka jina anayesema akiwa haonekani, au ametupa mgongo, au wako kadhaa kwenye picha moja na haieleweki ni mdomo upi. Angalia namba 46: shangazi ametupa mgongo, lakini sikumwandika. Msonyo wa namba 44 umeshamtaja, "Nani?" imetoka kwa mpwa ambaye uso wake unaonekana, na jikoni hakuna wa tatu. Jina moja limefanya kazi mara mbili, na herufi 11 zimebaki kwa ajili ya maneno ya shangazi.

Nikirudi kwenye sauti. Faili nyingi ninazoletewa kurekebisha zina makosa ya aina mbili: ama hazina sauti kabisa, ama zimejaa [muziki] na [kelele] kila baada ya sekunde chache. Dada mshonaji ndiye aliyenipa kipimo ninachokitumia mpaka leo, naye hakukitoa kama kanuni. Alikuwa anatazama toleo la awali ambalo sikuwa nimeandika sauti yoyote, na mara kwa mara akawa anasimamisha video, ananionyesha skrini, kisha anafanya ishara ya kugeuza kichwa na kuuliza "nini?" Wahusika wote wamegeuka, wamegeukia nini? Mama ameinua macho kwenye feni, ana nini? Kumbe redio imekatika ghafla kwa kuwa umeme umekwenda. Ilikuwa mchana, hakuna taa ya kuzimika. Kila alipouliza pana sauti inayostahili kuandikwa. Asipouliza, mara nyingi sauti hiyo ni ya kupamba tu: kuku wa uani, vyombo vinavyogongana, pikipiki inayopita.

Kipimo hicho kina upungufu wake, maana kuna sauti ambazo hakuna mhusika anayezigeukia na bado zinabeba jambo. Redio ya jirani ni mfano mzuri. Kwenye toleo la awali dada alimwona shangazi akifunga dirisha kwa nguvu, akadhani ni moshi. Anayesikia alijua kwamba jirani amefungulia taarabu makusudi, na ubeti ule ni kijembe kinachomhusu shangazi. Kuandika [taarabu] peke yake kusingetosha, kwa sababu tusi liko ndani ya maneno. Kwa hiyo kabla ya geti kugongwa niliweka [Redio ya jirani] kwenye mstari wa kwanza, na wa pili ubeti wenyewe, ambao mtunzi aliutunga kwa ajili ya tamthilia hii: ♪ Cha halali huuzwa mchana ♪. Herufi 45 kwa sekunde 3.2, iko sawa. Beti nyingine zilizofuata niliziacha, moja imetosha kumfungisha mtu dirisha. (Ukitumia ile alama ya noti, hifadhi faili kwa UTF-8. La sivyo kwenye simu za watu itatokea takataka.)

Sauti za mdomoni zisizo maneno ndizo zilizonichosha zaidi, na Kiswahili cha mazungumzo kimejaa hizo. Msonyo ukitolewa mbele ya kamera huandiki kitu. Kiziwi anaujua msonyo kwa sura pengine kuliko sisi. Ni pale shangazi alipotupa mgongo ndipo ulipohitaji [Shangazi anasonya]. Kuguna ni kazi nyingine. "Mh" ile ile inaweza kuwa kukubali, kutoamini, au kumwambia mtu aendelee, na tofauti iko kwenye mkunjo wa sauti. Mwanzoni mwa kazi nilijaribu kuipambanua kwa tahajia, "Mh", "Mmh", "Mhh". Dada alitazama zote tatu akainua mabega. Sasa naandika [Anaguna kwa shaka] au [Anaguna kukubali], na kama uso unaonyesha wazi naandika "Mh" tu.

Vilevile niliachana na kuandika mlio wenyewe. "Ngo ngo ngo" au "puu!" kwa mzee ni sawa, kwa sababu anazikumbuka sauti, hata alizipenda. Kwa aliyezaliwa kiziwi au aliyepoteza usikivu mapema, hizo ni herufi tu. [Geti linagongwa] inawafaa wote wawili: inataja kitu na tendo. Namna ya tendo naiongeza pale inapobadilisha maana. Geti linalogongwa kwa fujo usiku ni habari tofauti na geti linalogongwa, na hapo maneno mawili ya ziada yana thamani yake. Adhana nayo: kwenye tukio ambalo binti ameambiwa awe nyumbani kabla ya magharibi, niliandika [Adhana ya magharibi], kwenye tukio la mtaani tu, ambapo inasikika kwa mbali kama kila siku, niliiacha.

Baada ya kuchagua, kuna suala la kuweka kwenye muda. Natumia programu ya Subtitle Edit, ambayo inaonyesha mawimbi ya sauti na kuhesabu herufi kwa sekunde kwa kila maandishi, na ukizidi kikomo ulichoweka inakupigia rangi nyekundu. Sauti za ghafla naziweka palepale wimbi linapopanda. Kishindo kikiandikwa nusu sekunde kabla ya kutokea, kiziwi anaruka kabla ya mhusika, na mshtuko wote aliokusudia mwongozaji unaharibika. Kwa sababu hiyohiyo namba 45 na 46 sikuziunganisha kuwa maandishi mamoja yenye vistari viwili, ingawa faili lingekuwa fupi. Swali na jibu vikitokea pamoja, jicho linasoma jibu kabla mpwa hajamaliza kuuliza.

Kuchelewa kuondoka ni jambo jingine, na huko mara nyingi ndiko ninakopata nafuu. "Hodi! Hodi hapa!" ilisemwa kwa sekunde 1.6. Pamoja na [Mwanamume nje] ni herufi 32, yaani 20 kwa sekunde, nyekundu kabisa. Sikupunguza kitu. Niliacha maandishi yakae mpaka sekunde 2.4, kwa sababu baada ya hodi pana ukimya kabla ya msonyo, kasi ikashuka hadi 13 na kitu. Kabla ya kukata maneno ya mtu, tafuta kwanza kama nyuma yake pana kimya unachoweza kukopa. Mpaka wake ni picha inapobadilika: maandishi yakivuka kwenda kwenye picha inayofuata, watu huyasoma tena kwa kudhani ni mapya.

Kuna mahali ambapo hesabu inagoma. Sehemu ya mwisho ina ugomvi wa kugawana urithi, watu wanne kwa wakati mmoja, sekunde kama 20 bila pumzi. Ukiandika kila mmoja unapata kasi ya 40, ukisawazisha unawapanga kwenye foleni ambayo haikuwepo. Nilimfuata shangazi peke yake, kwa kuwa yeye ndiye anayeondoka na hati, na mwanzoni nikatanguliza [Wote wanasema kwa pamoja]. Dada aliridhika, fujo aliiona kwenye mikono na nyuso, na alichohitaji kujua ni hati imekwenda kwa nani. Mzee hakuridhika. Alikuwa ameshasoma kwenye midomo ya baba mdogo neno moja, "mahakamani", na halikuwemo kwenye maandishi. Nililiingiza kwa kuondoa mstari mmoja wa shangazi aliokuwa anaurudia. Mtayarishaji alipopitia faili aliniuliza ule mstari wa pili wa shangazi umekwenda wapi, nikamfungulia hesabu ya sekunde hizo, akaupitisha.